Sentimita Mbili za Kaskazi

Januari ile nilikuwa mwanafunzi wa urubani, nimeletwa nyumbani Mtwara na mwalimu wangu kwa ndege ndogo ya injini moja. Asubuhi aliniambia niandae safari ya Kikwetu, uwanja wa Lindi. Simu na vifaa vya satelaiti vingebaki mkobani. Ningetumia ramani, saa, dira na penseli tu.

Kwenye ramani njia ilikuwa maili za baharini 38, uelekeo wa nyuzi 319. Kasi yetu hewani ilikuwa noti 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa. Kaskazi ilikuwa inavuma kutoka nyuzi 50, yaani karibu ubavuni kabisa, upande wa kulia. Niliangalia soksi ya upepo uwanjani, nikakadiria noti 10.

Ili kujua pua ya ndege ielekee wapi, nilichora pembetatu ya upepo kwenye daftari, sentimita moja kwa noti 10. Kwanza mstari wa njia, 319, bila kuupa urefu. Kisha kutoka pale pa kuanzia nikachora mshale wa upepo kuelekea unakokwenda, sentimita moja. Nikaweka bikari kwenye ncha ya mshale, nikaifungua sentimita tisa, nikakata mstari wa njia. Mstari kutoka ncha ya upepo hadi kwenye mkato ndio uelekeo wa pua ya ndege, nao ulisoma 325. Urefu wa njia hadi kwenye mkato ndio kasi juu ya ardhi. Nyuzi hizi zote ni za kaskazini halisi. Tofauti ya sumaku, yaani pengo kati ya kaskazini hiyo na ile ya dira, ambayo kwa pwani yetu iko magharibi na huongezwa, niliiingiza mwishoni kabla ya kushika dira.

Jambo hili sikufundishwa darasani mara ya kwanza. Nilikua nikivuka na mashua kwenda Msangamkuu, na nahodha hakuwahi kuelekeza omo kwenye gati. Aliielekeza kule mkondo ulikotoka, na maji yakatuleta gatini.

Tuliruka. Kwa futi 2,500 bahari ilijaa ukungu mwepesi wa joto, upeo haukuonekana vizuri. Kwenye ramani mstari wangu ulipita baharini, kama maili mbili nje ya mlango wa ghuba ya Sudi. Dakika ya 12 nilichungulia kushoto kuutafuta huo mlango. Ulikuwa chini ya miguu yangu.

"Binti, upepo ule uliupata wapi?" mwalimu aliuliza.

"Kwenye soksi, Mwalimu."

"Soksi iko chini, kwenye minazi. Sisi tuko wapi?"

Ardhi, miti na nyumba hukwaruza upepo na kuupunguza nguvu. Juu huku haukuwa na cha kuuzuia. Tulikuwa tumekwenda maili 17 na nusu na kupotoka mbili. Kuna kanuni ambayo marubani huibeba kichwani: ukipotoka maili moja katika maili 60, umekosea nyuzi moja. Mbili gawanya kwa 17.5, zidisha kwa 60, ni karibu nyuzi 7. Hizo zingetufanya twende sambamba na njia tu, hazitufikishi. Zilibaki maili 21, kwa hiyo kuurudia mwisho wa njia kulihitaji nyuzi 6 zaidi. Jumla 13. Nikageuza pua hadi 338, nikaandika saa.

Dakika ya 27 barabara ya kurukia ya Kikwetu ilikuwa mbele yetu. Niliiona kabla mwalimu hajaionyesha, na mikono ilinitetemeka kwa furaha.

Chini ya kivuli cha bawa alinirudishia daftari. "Sasa upepo mwenyewe ulikuwa wa kiasi gani?"

Hapo ndipo nilipoipenda pembetatu. Ina pande tatu, ukizijua mbili ya tatu inajichora. Nilijua pua na kasi ya hewani: 325, noti 90. Nilijua njia tuliyopita kweli: 319 kutoa zile 7 za kupotoka, yaani 312, na maili 17.5 kwa dakika 12 ni noti 88. Nikachora zote mbili kutoka sehemu moja, nikaunganisha ncha. Rula ilisoma sentimita mbili. Noti 20, mara mbili ya nilizokisia.

Nilimwuliza kwa nini kasi ilishuka ilhali upepo ulikuwa wa ubavuni, si wa mbele. Alinionyesha kwenye mchoro: pua ikielekezwa pembeni, sehemu ya zile 90 inatumika kuuzuia upepo, na inayobaki kwenda mbele ni 88.

Akaniambia nipange kurudi. Nilikaribia kuandika 152, kinyume cha pua sahihi ya kuja, ambayo kwa upepo wa noti 20 ni 319 kuongeza 13, yaani 332. Nikasita, nikachora upya. Njia ya kurudi ni 139, na sasa kaskazi ilikuwa kushoto, kwa hiyo nyuzi 13 zinatolewa. Niliandika 126, nikaenda kukagua mafuta.