Kadi za Ahadi za Paa la Kanisa

Mwaka 2014 usharika wetu wa Kilutheri, katika miteremko ya Kilimanjaro, uliitisha harambee ya kuezeka kanisa jipya, nami nikapangiwa kukaa mezani na mtunza hazina kuandika ahadi.

Kila kadi ilikuwa na vipande viwili vyenye namba moja. Kimoja alibaki nacho mtoaji, na kingine kilikuja kwetu kikiwa na jina, jumuiya, simu, kiasi na tarehe ya kumaliza. Tarehe hiyo ndiyo iliyozua ubishi kwenye kamati, kwa kuwa mwajiriwa hutegemea mwisho wa mwezi, ilhali mkulima wa kahawa hana kitu mkononi mpaka auze. Mwishowe tuliacha kila mtu ajiandikie yake.

Mshereheshaji alianzia juu, milioni moja, akashuka laki tano, laki mbili, hadi elfu kumi, na kila aliyesimama alipigiwa vigelegele. Katika shangwe kama hiyo watu hutamka kiasi, wakarudi kuketi bila kujaza chochote. Ndiyo maana mtunza hazina, mama mmoja aliyestaafu kazi ya benki, alikuwa ameweka sharti kwamba ahadi isiyofika mezani kwa kadi haihesabiwi.

Jioni zilitangazwa shilingi milioni 38. Mezani tulikuwa na milioni 9 taslimu na kadi za milioni 26. Milioni 3 zilizopungua zilikuwa za mgeni rasmi, aliyeahidi milioni 5 kwa niaba yake na marafiki zake, akatoa 2.

“Baba, hao marafiki niwaandike kwa majina gani?” mama alimuuliza.

“Tutawasiliana, mama,” alijibu, akaelekea kwenye gari.

Fundi alitaka tuagize vifaa vyote kesho yake. Mama alikataa, fedha taslimu zikanunua mbao za kenchi, na mabati yakasubiri. Kadi ziligawiwa kwa viongozi wa jumuiya, ambao walipokea malipo kidogo kidogo, wakakata stakabadhi na kuandika salio nyuma ya kadi. Mzee mmoja alipendekeza wadaiwa wasomwe majina ibadani. Mchungaji alikataa, nami naona alikuwa sahihi, kwani mdaiwa aliyeaibishwa huacha kuja, na hapo mnakosa ahadi na sadaka pia. Tukawa tunasoma waliomaliza tu, na baada ya kila tangazo wachache walikuja ofisini wenyewe.

Hadi Krismasi zilikuwa zimeingia milioni 19 kati ya zile 26. Waliobaki wengi wao walikuwa wageni waalikwa wasio na jumuiya ya kuwafuatilia, na simu zao ziliita bila kupokelewa. Mgeni rasmi tulimwandikia barua ya shukrani iliyotaja alichotoa na kilichobaki. Alituma milioni 1. Mabati yalinunuliwa, na dari ikaondolewa kwenye bajeti ya mwaka uliofuata.