Chumba kimeshuka hadi -64: kumbukumbu ya mradi wangu wa sauti, Bukavu

Jana saa 11 alfajiri nimeipata namba niliyoihangaikia wiki 6. Nilirekodi nusu dakika ya ukimya chumbani mwangu, nikaichagua, nikafungua Measure RMS, kipimo cha wastani wa nguvu ya sauti kwenye Audacity, programu ninayorekodia, ikaniandikia -64 dB. Namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, ukimya ni mzuri zaidi. Nilirudia mara tatu ili niamini. Mteja anayenipa kazi za kusoma na kurekodi mafunzo ya afya anataka ukimya usiozidi -60, kipimo kilekile ambacho ACX, jukwaa la vitabu vya kusikiliza, wanakidai. Mimi nilianzia -49. Hizo desibeli 15 katikati ndizo zilizoninyima usingizi.

Chumba chenyewe kiko Kadutu, juu ni mabati bila dari, dirisha moja linatazama njia ya pikipiki na ukuta wa nyuma unapakana na jenereta ya papa jirani. Nina maiki ya kondensa ya USB, hedifoni za kufunika masikio na kompyuta kuukuu. Hakuna kingine.

Wiki mbili za kwanza nilizipoteza kwenye blanketi. Niliazima tano kwa mama, nikazitundika kwenye kamba pande tatu. Nikapiga makofi: mwangwi umekwisha, sauti imekuwa kavu na nzuri. Nikapima ukimya: -49, vilevile. Nilikasirika karibu nizirarue. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba blanketi hunywa sauti yangu isigonge ukuta na kurudi kwenye maiki, lakini haizuii mngurumo unaotoka nje. Mngurumo wa jenereta ni wa chini sana, unapenya tofali, sembuse kitambaa. Kuuzuia kunahitaji uzito na chumba kisicho na mwanya, na mimi nina mabati yenye nafasi ya kupitisha mkono. Blanketi nimeziacha, maana mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki kirahisi, ila sizitegemei kwa kelele.

Aliyenifungua macho ni yaya yangu anayetengeneza redio. Alivaa hedifoni, akasikiliza kidogo, akasema: «Mdogo wangu, hii si jenereta peke yake. Chomoa chaja, halafu usikilize tena.» Nikachomoa. Kulikuwa na mvumo mdogo ambao masikio yangu yalikuwa yameuzoea kabisa, ukakatika palepale. Nilipofungua Plot Spectrum, grafu ya nguvu ya sauti kwa kila masafa, kwenye rekodi ya zamani niliona vilele kwenye 50, 100 na 150 Hz, kama meno ya kitana. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo ulikuwa unapita kwenye chaja, unaingia kompyuta na kufuata waya wa USB hadi kwenye maiki. Nikapima bila chaja: -53. Tangu siku hiyo najaza betri umeme ukiwapo, na narekodi kwa betri peke yake. Inanipa saa mbili na nusu hivi, zinatosha.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayojivunia zaidi, na haikugharimu hata franka moja. Nilikuwa naongea sentimita 30 kutoka kwenye maiki, na geini, yaani kiasi maiki inavyokuza sauti, iko juu ili nisikike. Nikasogea hadi sentimita 15. Umbali ukipungua nusu, sauti ya mdomo hupanda karibu desibeli 6 kwenye maiki, lakini pikipiki na jenereta hazijasogea popote. Kwa hiyo nikashusha geini kwa 6: sauti yangu ikabaki palepale, kelele ikashuka hadi -59. Taabu yake ni kwamba karibu hivyo, «p» na «b» zinapiga maiki kama upepo. Nilikunja waya kuwa duara, nikavuta juu yake soksi ndefu ya nailoni, na maiki nikaiweka pembeni kidogo, isitazamane na mdomo. Neno la kujipima ni «pampu ya baba». Likipita bila mshindo, naanza kazi.

Desibeli zilizobaki zilimalizwa na High-Pass Filter kwenye 100 Hz, ambayo hupunguza sauti zilizo chini ya hapo, na mngurumo wa jenereta mwingi uko huko. Sauti yangu ya kike haifiki chini hivyo, basi sipotezi kitu. Mwanaume mwenye sauti nzito ashuke hadi 70 au 80, la sivyo atasikika mwembamba.

Hapa niseme wazi kuhusu Noise Reduction, chombo cha Audacity cha kupunguza kelele. Nilianza nayo, nikaisukuma hadi 24 dB, nikaona ukimya mzuri ajabu. Mteja alinirudishia faili: «Mama, unaongea kama uko ndani ya pipa la maji.» Alikuwa na haki. Chombo hicho kikilazimishwa sana hula na herufi laini, «s» na «f» zinakuwa na mlio wa bati. Sasa siigusi isipokuwa 6 dB, tena mara chache. Ninachokipenda kwa moyo wote ni Punch and Roll, Shift+D: nikikosea neno, narudi nyuma kidogo, nasikia sentensi iliyotangulia, naendelea. Uhariri wangu umepungua sana.

Jumamosi nilipanga kurekodi demo, sampuli ya sauti yangu ya kuwaonyesha wateja. Sikuirekodi. Nilipokaa nikasikia pikipiki, nikajiuliza ni saa ngapi hasa mtaa huu unatulia, na siku nzima ikaishia hapo: dakika moja ya ukimya kila saa, tangu saa 10 alfajiri hadi saa 4 usiku, zote kwenye daftari. Nilidhani usiku ndio mtulivu. Kumbe usiku umeme ukikatika jenereta zinaamka. Muda wangu wa kurekodi ni kuanzia saa 10 na nusu hadi saa 12 kasorobo alfajiri, na mwingine mfupi saa 8 mchana, jua likiwa kali. Sijutii Jumamosi ile.

Bei nayo imebadilika kwa sababu ya kazi moja. Matini ilikuwa na maneno 715 ya Kiswahili. Mteja alihesabu maneno 150 kwa dakika, akapata dakika 5 pungufu kidogo, tukakubaliana dola 30, yaani 6 kwa kila dakika ya sauti. Nilipomaliza, faili lilikuwa dakika 6 na nusu. Neno letu moja kama «watakapowapeleka» linabeba sentensi nzima ya Kifaransa, haliwezi kusomwa haraka sawa na neno fupi. Mimi husoma maneno 110 kwa dakika, nimejipima mara nyingi. Ningelipwa 39. Tena kazi ile ilinichukua saa tatu kamili, karibu dakika 28 za jasho kwa kila dakika moja, nyingi zikiwa za kusafisha kelele. Kazi ya wiki hii, ya dakika 4, imenichukua saa 1 na dakika 4.

Kwa hiyo bei ni ileile ya dola 6, lakini inahesabiwa kwa urefu wa faili la mwisho, na makadirio nayatoa kwa maneno 110. Kosa langu la kusoma narekebisha bure. Matini ikibadilishwa baada ya kurekodiwa, sehemu hiyo inalipiwa upya.

Demo itakuwa sekunde 70: tangazo, mafunzo, hadithi, halafu kipande cha Kifaransa. Tangazo ndilo langu bora, linatangulia, kwani wengi hawasikilizi zaidi ya sekunde 10. Leo alfajiri nimelirekodi na liko safi. Nilipoanza mafunzo, tone la kwanza likagonga bati, kisha mvua yote. Nikazima maiki, nikakunja blanketi.