Nilivyoandika taarifa ya kompresa kwenye ukurasa wa kampuni yetu

Kampuni yetu ni ndogo. Tunakagua na kutengeneza kompresa za hewa viwandani, na wateja wetu ni mameneja wa matengenezo. Mkurugenzi aliponikabidhi ukurasa wetu wa LinkedIn, alinipa na sentensi ya kuanzia: "Tunayo furaha kuwatangazia kuwa sasa tunakagua uvujaji wa hewa." Nilimwomba nianzie kwingine. Furaha yetu inamhusu nini meneja ambaye kompresa yake inanguruma usiku kucha?

LinkedIn inaruhusu herufi 3,000 kwa taarifa moja, lakini kwenye simu huonekana mistari michache tu ya mwanzo. Iliyobaki hujificha hadi msomaji abonyeze. Muda wangu mwingi ulikwenda kwenye mistari hiyo. Niliandika na kufuta hadi ikabaki hivi: "Uzalishaji umesimama, hakuna anayetumia hewa, lakini kompresa bado inasukuma. Hewa hiyo inakwenda wapi?"

Kisha nikaeleza kipimo ambacho fundi anaweza kukifanya bila kutuita. Zima vifaa vyote vinavyotumia hewa, acha mfumo ujae, halafu pima muda ambao kompresa inasukuma na muda ambao inapumzika, kwa mizunguko kadhaa. Gawanya muda wa kusukuma kwa jumla ya muda wote. Ikisukuma dakika 3 na kupumzika dakika 7, basi asilimia 30 ya uwezo wake inapotea kwenye matundu. Nikaongeza kuwa hesabu hii haiifai kompresa inayobadilisha mwendo wa mota yake, kwani fundi angeligundua hilo upesi na kutudharau.

"Sasa si unawapa kazi yetu bure?" mkurugenzi aliuliza.

"Kupima ni rahisi, bosi. Kutafuta tundu kwenye mabomba yaliyo juu ya dari ndiko watakakotuitia."

Nilitaka pia mfano wa kweli. Mteja mmoja alikubali tutumie namba zake ila si jina lake, maana hakutaka washindani wajue anavyopoteza umeme. Tukaandika "kiwanda kimoja cha vifungashio", na kabla ya kuchapisha nikamtumia aya hiyo aisome.

Ukurasa wetu una wafuasi wachache, kwa hiyo niliwaomba mafundi waisambaze kwa akaunti zao, kila mmoja akiongeza neno lake. Mmoja aliandika kwamba yeye huanza kukagua viungio vya mipira ya hewa, na maswali mengi yakaja kwake kuliko kwetu.

Sikuhesabu sana waliopenda. Wengi walikuwa wenzetu wa ofisini. Nilifungua takwimu za wageni wa ukurasa, zinazoonyesha watu wanafanya kazi za aina gani, nione kama watu wa uendeshaji na uhandisi wameongezeka. Walikuwa wameongezeka kidogo. Mmoja wao alituuliza afanyeje ikiwa kiwanda chake hakizimwi kamwe, na jibu lake ndilo ninaloliandikia taarifa inayofuata.