Kumbe ni "aende" tu

Jana nilikuwa nasahihisha barua ya Kiingereza ya mdogo wangu. Kaandika "I suggest that he go". Nikaongeza "-es" haraka, nikamcheka kidogo. Akanifungulia kamusi: pale pana alama ya sabjanktivu. Hakukosea.

Neno hilo lilinitisha tangu sekondari, kumbe tunalitumia kila siku. "Anaenda" ni habari ya jambo linalotokea. "Napendekeza aende" ni jambo linalotakiwa, bado halijatokea. Sisi tunabadilisha -a ya mwisho kuwa -e. Mwingereza yeye anaondoa ile "-es", basi. Ndiyo maana kwa "I" au "they" huoni tofauti yoyote.

Nikafurahi, nikaanza kuitumia kila mahali. Hapo nikaumbuka. "Nataka aende" nikaiandika "I want that he go". Hapana! Ni "I want him to go". -e yetu inafanya kazi nyingi kuliko sabjanktivu yao, ambayo hufuata vitenzi vichache kama "suggest", "demand" na "recommend".

Jerandi ndiyo inanisumbua zaidi. Ni kitenzi-jina chetu, kama kwenye "kuogelea kunachosha". Lakini "ku-" yetu ni moja, wao wana "swimming" na "to swim", na kitenzi kinachotangulia ndicho kinachoamua. "Enjoy" inataka "swimming", "want" inataka "to swim". Kwa hiyo siku hizi nikitafuta kitenzi kwenye kamusi, naangalia kwanza mfano wa sentensi, maana baadaye.