Kitufe cha F2 kilichogoma kuachia

Chai iliyomwagikia kibodi ya laptopu yangu ilikuwa kidogo tu, kama kijiko, na niliifuta papo hapo. Siku mbili baadaye, nikiwa na mitihani ya kidato cha pili ya kuchapa, niliwasha laptopu ikatoa milio mifupi ya haraka haraka, pi-pi-pi-pi, kisha badala ya Windows ukatokea ukurasa wa mipangilio ya bayosi, ile programu inayoamsha laptopu kabla ya Windows. Nikatoka, ikajizima na kujiwasha, ikarudi palepale. Mara nane hivi.

Fundi wa kwanza aliangalia dakika moja akasema, "Mwalimu, diski imekufa, tununue nyingine." Nilisita, kwa sababu kwenye ukurasa uleule jina la diski yangu lilikuwa limeandikwa pamoja na ukubwa wake. Ni kweli laptopu isiyoona diski huweza kuangukia kwenye mipangilio, lakini hapo mahali pa jina la diski huwa patupu. Yangu ilikuwa inaonekana. Nikamshukuru, nikarudi nayo nyumbani.

Ile milio nayo ilinisumbua. Niliogopa ni ram, maana nayo ikiharibika hulia. Lakini ram ikigoma kioo kwa kawaida hubaki cheusi, na milio huja kwa mafungu yenye kituo katikati. Yangu ililia mfululizo huku picha ipo. Nikachukua laptopu ya mdogo wangu, ya umri uleule, nikaiwasha huku nimekandamiza herufi moja bila kuachia. Ikalia vilevile! Sababu yake ni hii: kabla Windows haijaamka, mibonyezo ya kibodi huwekwa foleni kwenye kumbukumbu ndogo. Katika bayosi za zamani foleni hiyo hubeba mibonyezo 15 tu. Ikijaa, kila unaozidi hujibiwa kwa mlio.

Basi kuna kitufe kilichokuwa kinajibonyeza, na kwenye laptopu yangu kinachofungua mipangilio ni F2. Ndani ya mipangilio kiliendelea kuleta kisanduku kinachouliza kama nirudishe thamani za awali. Nikagundua kwamba nikigusa mshale, F2 hunyamaza kwa muda, kwa kuwa kibodi hurudia kitufe cha mwisho kubonyezwa peke yake. Kwa mwanya huo nilifika ukurasa wa mwisho, nikachagua kutupa mabadiliko yote (kitufe kinachojibonyeza humo ndani kinaweza kugeuza mpangilio usioujua), kisha chini ya `Boot Override` nikachagua diski yangu. Windows ikafunguka bila kupitia kuwasha upya. Huko nilibofya faili moja mara moja tu, jina lake likafunguka lenyewe kwa kuhaririwa, ambayo ndiyo kazi ya F2. Kwanza kabisa nikanakili mitihani kwenye flashi.

Nilikipandisha kifuniko cha F2 taratibu kwa ukucha, nikasafisha chini yake kwa pamba yenye spiriti, nikaacha ikauka usiku kucha. Asubuhi, hata kabla sijarudisha kifuniko wala kile kikombe kidogo cha mpira kinachokaa chini yake, laptopu ikalia tena. Hapo nikajua kitufe chenyewe hakijanasa. Chini ya vitufe kuna karatasi za plastiki zilizopangwa tabaka, zenye njia za umeme zinazogusana unapobonyeza. Chai yenye sukari ikishapenya katikati yake, njia hizo hugusana muda wote, na spiriti ya juu haifiki huko.

Kipimo kilichomaliza ubishi kilikuwa kuchomoa kibodi kabisa. Nilizima, nikatoa chaja, nikafungua skrubu za mfuniko wa chini na kuchomoa betri kwanza. Mkanda mwembamba wa kibodi umeshikwa kwenye mazabodi na kilimi kidogo. Hiki huinuliwa kwa ukucha, mkanda ukatoka bila kuvutwa kwa nguvu. Nikarudisha betri, nikachomeka kibodi ya nje, nikawasha. Kimya, na Windows moja kwa moja. Niliwasha mara tano kuhakikisha. Kipimo hiki kiliwezekana kwa sababu kitufe cha kuwashia kwangu kiko pembeni. Kuna laptopu ambazo kimejengwa ndani ya kibodi yenyewe, na ukichomoa mkanda huna pa kuwashia.

Kuchomeka kibodi ya nje peke yake kusingenisaidia, kwani ile ya ndani ingeendelea kutuma F2. Ndiyo maana wiki nzima nilifanya kazi kwa kibodi ya nje huku ule mkanda ukiwa umechomolewa, hadi nilipopata kibodi yenye namba ileile iliyochapwa mgongoni mwa ile ya zamani. Fundi wa pili aliifunga kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, maana ilikuwa imeshikiliwa kwa vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa. Alipoitoa ile ya zamani akaniita, "Mwalimu, njoo uone." Alikuwa ameyabandua matabaka, na kati yake, chini ya F2, palikuwa na doa la kahawia, bado linanata.