Zawadi za siri kazini: bahasha nane na mkasi

Kwenye zawadi za siri kazini, ambapo kila mtu huokota jina la mwenzake na kumpa zawadi bila kujitaja, watu wengi huumiza kichwa kuhusu nini cha kununua. Mimi naona haki ya mchezo huu huamuliwa mapema zaidi, siku ya kupanga kikomo cha pesa na siku ya kuokota majina.

Kikomo kwanza. Ukiuliza mbele ya watu "tuweke ngapi?", anayejibu haraka ndiye mwenye nafasi, na asiye nayo hunyamaza. Afadhali kila mtu aandike kwenye kikaratasi kisicho na jina kiasi cha juu ambacho hakitamkwaza, kisha kichukuliwe kiasi kidogo kuliko vyote. Wastani haumfai mwenye uwezo mdogo: kama wenzake saba wameandika mara mbili ya alichoandika yeye, wastani utambebesha karibu mara mbili ya uwezo wake. Asiyetaka kushiriki arudishe karatasi tupu, na asiulizwe sababu. Wekeni pia kiwango cha chini, tuseme robo tatu ya kikomo, maana bila hicho mmoja atafungua boksi lenye kitu cha maana na jirani yake kalamu moja. Na anayezidisha kikomo kwa ukarimu anawaaibisha waliotii, kwa hiyo hilo nalo lisemwe wazi tangu mwanzo.

Sasa majina. Desturi ni vikaratasi kwenye kikapu, na ukiokota jina lako unarudisha. Mkiwa wanane, katika mizunguko 100 ya kuokota bila kurudisha, karibu 63 itakuwa na angalau mtu mmoja aliyejiokota. Kurudisha nako hakuponyi. Chukua watu watatu tu. Wa kwanza akiokota jina la wa pili, na wa pili akaokota la wa kwanza, wa tatu amebaki na lake mwenyewe na hana pa kulirudisha. Hilo hutokea mara moja kati ya nne. Hapo watu huanza kubadilishana vikaratasi, na siri imekwisha. Dawa halali ni kurudisha vyote na kuanza upya, jambo linalochosha haraka.

Njia ninayoiamini inahitaji kadi nane nzito, zisizoonyesha maandishi kwa nyuma. Kila kadi iandikwe "Mimi ni" na namba yake juu, na "Nampa" na namba hiyohiyo chini, 1 hadi 8. Zigeuzwe kifudifudi, zichanganywe vizuri zikielekea upande mmoja, zipangwe mstari mmoja, kisha kila moja ikatwe katikati kwa mkasi. Usichane kwa mkono. Kingo zilizochanika hutambulikana zinakotoka. Nusu za juu zibaki mahali pake. Nusu za chini zisogee hatua moja kushoto, na ile ya kwanza izungushwe hadi mwisho wa mstari. Kila jozi mpya iingie kwenye bahasha bila kugeuzwa, na bahasha zichanganywe tena.

Kila mtu anachukua bahasha. Namba ya juu ni yake, ya chini ni ya mtu ambaye yeye atampa zawadi. Ukutani kuna orodha ya namba 1 hadi 8, na kila mmoja anaandika jina lake mbele ya namba yake. Hakuna anayeweza kujipata, nafasi ni sawa kwa wote, na hata aliyeandaa hajui nani anampa nani. Naye anacheza kama wengine.

Hasara yake ipo: watu wote wanakuwa duara moja, hivyo wawili hawawezi kupeana wao kwa wao, na huwezi kuwatenganisha mapema mke na mume wanaofanya kazi pamoja.

Lakini duara hilohilo ndilo linalookoa mambo yakiharibika. Tuseme mwenye namba 5, aliyepaswa kumpa namba 2, amejitoa. Anabandika tangazo: "Aliyepaswa kumpa 5 sasa ampe 2." Duara linafungika kwa watu saba, na bado hakuna anayejua aliyepaswa kumpa 5 ni nani. Ila lazima libandikwe kabla watu hawajanunua, kwa sababu kilichonunuliwa kwa ajili ya namba 5 huenda kisimfae namba 2.

Na aliyepoteza nusu yake ya chini? Wale saba wengine waandike kwenye vikaratasi vya aina moja, kwa tarakimu tupu na bila jina, namba ya mtu wanayempa, watumbukize kwenye boksi, na aliyepoteza afungue peke yake. Namba isiyomo ndiyo yake. Akimaliza avichane vyote papo hapo.