Nyakati nne za kila tukio: ninavyotunza daftari la matukio siku ya tamasha

Daftari ninalolitumia lina safu saba tu: namba ya tukio, saa taarifa ilipoingia, aliyeileta, mahali, kilichotokea, aliyetumwa pamoja na saa aliyofika, na saa tukio lilipofungwa. Nimeshaona madaftari yenye safu kumi na tano, na karibu yote yanafanana kwa jambo moja: kuanzia mchana nusu ya safu zinabaki tupu. Mwandishi mwenye redio sikioni na mzazi anayelia mbele yake hawezi kujaza safu kumi na tano. Atajaza tano za kwanza na kuahidi kurudi baadaye, na baadaye hiyo haifiki.

Kitabu kiwe cha kushonwa, si karatasi za kuchomoka, na kurasa zipigwe namba kabla ya siku yenyewe. Kalamu ni ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno ili liendelee kusomeka, andika neno lililo sahihi pembeni, kisha weka herufi za jina lako na saa. Usifute wala usichane. Kitabu kilichochanwa ukurasa mmoja hakiaminiki hata kurasa zake nyingine, na wa kwanza kuuliza kuhusu ukurasa huo atakuwa polisi au kampuni ya bima. Mwandishi awe mmoja kwa zamu na asipewe kazi nyingine. Anayeongoza redio asiwe ndiye anayeandika, labda kama tamasha ni dogo sana.

Saa ndiyo inayoharibu madaftari mengi. Kabla ya mageti kufunguliwa, kila mwenye redio alinganishe saa yake na ile ya mezani kwa mwandishi, kisha nyakati zote ziandikwe kwa mtindo wa saa 24: 14:45, 15:10. Sababu inajulikana na kila aliyewahi kupokea taarifa kwa Kiswahili. Mzazi anasema “amepotea tangu saa nane”, na mwandishi mwenye haraka anaandika 08:00, wakati mageti yenyewe yalikuwa bado yamefungwa. Kwa hiyo mwandishi huitamka saa upya kabla ya kuiandika: “saa nane mchana, naandika 14:00.” Inachukua sekunde mbili.

Kila tukio lina nyakati nne, na si mbili kama wengi wanavyodhani: lilipotokea, lilipotufikia, mtu wetu alipofika, na lilipokwisha. Ya kwanza mara nyingi ni ya kukadiria, basi weka alama ya “k” mbele yake. Nyingine tatu ziandikwe papo hapo. Ukizikosa hizo, utakuwa na orodha ya mambo yaliyotokea, lakini hutajua ulichelewa wapi.

Mahali napo pasiandikwe “karibu na jukwaa”. Jukwaa lina pande nne na maelfu ya watu. Piga namba nguzo za taa au pembe za uzio, tundika vibao vinavyosomeka kwa mbali, na ramani yenye namba hizo hizo iwe kwa kila mlinzi. “Nguzo ya 12” haina ubishi.

Watoto waliopotea ndio wanaolipima daftari kuliko jambo lingine lolote, kwa sababu tukio lao huingia mara mbili, kutoka kwa watu wawili wasiojuana. Mzazi anaripoti kwamba mtoto haonekani, na mahali pengine mtu anaripoti kwamba kamkuta mtoto. Kazi ya mwandishi ni kuona kwamba hilo ni tukio moja.

Chukua mfano huu. Saa 15:10 mama anafika meza ya taarifa: mvulana wa miaka mitano, fulana nyekundu, kaptura ya bluu, kandambili, ameonekana mara ya mwisho k14:45 pale wanapopaka watoto rangi usoni. Tukio namba 31. Saa 15:12 mageti yanaarifiwa kwanza, kisha walinzi walio karibu na pale alipoonekana mwisho. Walinzi sita wanazunguka. Saa 15:41 mhudumu aliyeingia zamu mpya kwenye hema la huduma ya kwanza anauliza redioni kama kuna anayemtafuta mtoto, maana wanaye mmoja. Ni yeye. Saa 15:52 mama anakabidhiwa mwanawe na tukio linafungwa.

Ukisoma 31 peke yake utasema kazi imefanyika vizuri. Rudi mistari miwili nyuma, namba 29, saa 15:04: “Hema la huduma ya kwanza. Mtoto, miaka 4 hadi 5, goti limechubuka, fulana ya rangi ya chungwa, analia. Anahudumiwa.” Mtoto alikuwa ndani ya daftari dakika sita kabla mama hajafika mezani. Walinzi walimsaka kwa karibu nusu saa akiwa kwenye hema. Hakuna aliyezembea: taarifa iliingia kama ya kiafya, ikaandikwa kama ya kiafya, na rangi ya fulana haikulingana kwa sababu nyekundu iliyopauka mmoja huiita nyekundu na mwingine huiita chungwa.

Dawa yake ni ndogo. Mtoto yeyote asiye na mkubwa wake, hata kama ameletwa kwa sababu ya goti, kiu au kulia tu, anaandikiwa “MP” pembeni mwa mstari, yaani mtoto peke yake. Mzazi akija kuripoti, kabla mwandishi hajagusa redio anashusha kidole kwenye pembe hiyo kwa saa nzima iliyopita. Wakilingana umri na mahali, anauliza viatu. Rangi za nguo huwachanganya watu na sweta huvuliwa, lakini viatu havibadiliki sana. Njia nzuri zaidi ni picha iliyopigwa siku hiyo hiyo kwenye simu ya mzazi, na mara nyingi ipo, maana watu hupiga picha wakiingia.

Jina la mtoto halitangazwi kwenye kipaza sauti wala halitajwi redioni. Mtu mbaya akilisikia, anamwita mtoto kwa jina lake na mtoto anamfuata. Redioni tunataja namba ya tukio, umri, jinsia na mavazi. Mtoto aliyepatikana anakaa na watu wazima wawili waliokwisha chunguzwa, mahali panapoonekana lakini si katikati ya njia. Wakati wa kumkabidhi, mzazi hamwoni mtoto kwanza. Anaeleza mtoto alivyo, anaonyesha kitambulisho na kutia sahihi kwenye fomu, ndipo wanakutanishwa, na mhudumu anaangalia mtoto anavyompokea. Zile dakika 11 kati ya 15:41 na 15:52 ni za kazi hiyo, kwa hiyo kwenye tathmini usiruhusu mtu aziite ucheleweshaji. Mtoto akikataa, au anayemchukua akionekana hajiwezi, hakabidhiwi, polisi wanaitwa, na saa ya kuwaita inaandikwa.

Matukio ya kiafya yana kanuni iliyo kinyume: andika kidogo. Daftari linasomwa na wengi, kwa hiyo jina la mgonjwa na ugonjwa wake hubaki kwenye fomu ya wahudumu, na daftari linabeba namba ya fomu hiyo tu. Linalohitajika ni mahali, hali inayoonekana (“mtu mzima, ameanguka, anapumua, hajibu”), saa timu ilipoitwa, ilipofika, na kama gari la wagonjwa limeondoka, saa ngapi na limeelekea wapi. Andika kilichoonekana, si kilichodhaniwa. “Anayumba, anatapika, maneno hayaeleweki” ni taarifa. “Kalewa” ni hukumu, na ni ya hatari, kwa sababu sukari iliyoshuka, pigo la kichwa au joto kali vinaweza kumfanya mtu aonekane vivyo hivyo, na timu iliyoambiwa “mlevi” hutembea polepole.

Malalamiko yaandikwe kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe, bila kupambwa. Moja moja mengi ni madogo. Mwandishi aangalie yanavyorundikana: watu watatu wasiofuatana wakilalamikia sehemu ile ile ndani ya robo saa, liandikwe tukio jipya la usalama na msimamizi aitwe. “Hapa mlango wa kutokea panabana” likija mara tatu, hilo si suala la huduma kwa wateja tena. Lalamiko linafungwa pale aliyelileta amepewa jibu au tatizo limeondolewa. “Nimempigia fundi” halifungi kitu.

Tathmini huanza usiku ule ule, kwa nusu saa tu. Tunasoma kwa sauti matukio yote yasiyofungwa, na anayekumbuka kilichotokea anaandika kwenye karatasi ya ziada yenye jina lake na tarehe. Kitabu chenyewe hakiguswi tena. Kikao kamili huja ndani ya wiki, baada ya mistari kuingizwa kwenye jedwali la kompyuta. Ikiwa saa ya taarifa iko safu ya B na ya kufika safu ya F, dakika za kusubiri zinatoka hivi, hata kama tukio lilivuka usiku wa manane:

```
=MOD(F2-B2,1)*1440
```

Weka muundo wa namba ya kawaida kwenye safu ya majibu, la sivyo jedwali litakuonyesha saa badala ya dakika. Kisha tafuta thamani ya katikati kwa `MEDIAN`, usitumie wastani. Tukio moja ambalo kufika kwa mtu wetu kuliandikwa kwa kuchelewa muda wa saa tatu linaharibu wastani wote, huku thamani ya katikati ikibaki karibu palepale. Gawa kwa aina ya tukio na kwa mahali. Ukichanganya watoto, wagonjwa na malalamiko utapata namba isiyomsaidia yeyote.

Baada ya hesabu, angalia vitu viwili ambavyo hesabu haivioni. Cha kwanza ni ukimya. Daftari likiwa na mistari kumi kila saa halafu dakika arobaini hazina kitu katikati ya kilele cha umati, usidhani palitulia. Mwandishi alizidiwa au aliondoka. Cha pili ni kulinganisha na fomu za huduma ya kwanza. Fomu zitakuwa nyingi kuliko mistari, na ni sawa, kwa kuwa aliyekuja mwenyewe kuomba plasta haandikwi. Lakini kila aliyeitiwa timu kwa redio na kila aliyepakiwa kwenye gari la wagonjwa lazima awe na mstari. Asiyekuwa nao anaonyesha taarifa inayopita njia nyingine, mara nyingi simu za wakubwa, na hapo ndipo pa kuziba.

Kikao kisitoke na orodha ndefu. Mabadiliko matano yanatosha, kila moja na mtu wake, tarehe yake na namba za matukio yaliyolizaa, kama “MP pembeni, kutokana na 29 na 31”. Fomu za watoto zinafungwa kwenye bahasha tofauti na kitabu, hazipigwi picha kwa simu ya mtu, na tarehe ya kuziharibu inaandikwa juu ya bahasha siku hiyo hiyo, kwa kufuata sheria ya taarifa binafsi ya mahali mlipo.